Barua ya Bwana Shamba: Leseni, Lugha na Safari

Mvua za Novemba zinapokaribia, wakulima wa pamba mkoani Simiyu huwa wameshaanza kulima, na kampuni zinazonunua pamba yao hutaka kuwa na watu vijijini kabla mbegu haijaingia ardhini. Watu hao ndio maofisa wa shambani, ambao mkulima huwaita tu bwana shamba au bibi shamba. Ofisa wa namna hii huandikisha wakulima, husimamia ugawaji wa mbegu na ekapaki za dawa kupitia AMCOS, huendesha shamba darasa, hukagua funza wa vitumba na chawajani, kisha msimu wa ununuzi ukifunguliwa hurudi kwa wakulima walewale kuwasisitiza watenganishe pamba safi na fifi kabla ya kufika kwenye mizani.

Tangazo la kazi hiyo huwa fupi. Linataka astashahada au stashahada ya kilimo, leseni ya pikipiki, Kiswahili na Kiingereza, lugha ya wenyeji kama ipo, na mtu aliye tayari kuishi na kusafiri vijijini. Waombaji wengi hutumia nguvu zao zote kueleza masomo, kisha mambo matatu ya mwisho huyafunga kwa sentensi moja. Naamini hapo ndipo nafasi inapopotea, kwa sababu vyeti vya waombaji hufanana sana. Walisoma Ukiriguru, Ilonga, Uyole au Tumbi, kwa mtaala mmoja. Msimamizi anayesoma barua ana kata kadhaa zisizo na mtu na pikipiki kadhaa za kugawa, na swali lake ni nani anaweza kukaa kata ipi na kupanda chombo gani.

Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza stashahada Ukiriguru. Katika rasimu yake ya kwanza ameandika hivi: "Nina leseni halali ya udereva, nazungumza lugha mbalimbali kwa ufasaha, na niko tayari kufanya kazi mahali popote bila usumbufu wowote." Sentensi inapendeza masikioni, lakini msimamizi hawezi kupanga chochote kwa kuitegemea.

Tuanze na leseni. Leseni ya Tanzania hutolewa kwa madaraja, na kila daraja lina vyombo vyake. A1 ni ya pikipiki ndogo, ambazo injini yake haizidi cc 125. Ikizidi hapo inahitaji A. D ni ya magari ya kawaida, yasiyo ya abiria wala mazito, na mwenye D peke yake hana ruhusa ya kuendesha pikipiki hata kama anaijua tangu utotoni. Tofauti hii si ya kwenye makaratasi tu. Yamaha AG 100 na Honda XL 125, ambazo zimezoeleka sana katika kazi za ugani, ziko ndani ya A1, lakini Boxer ya 150 imeshavuka mpaka. Kampuni ikiwa na Boxer stoo na wewe una A1, haiwezi kukukabidhi. Ikikukabidhi na ukapata ajali, hata bima kubwa inaweza kukataa kulipa kwa sababu aliyeendesha hakuwa na daraja la chombo hicho, na hasara yote inairudia kampuni.

Tarehe nayo ina uzito. Leseni hudumu miaka 5. Ikiisha Januari, inaisha wakati pamba imesimama shambani na wadudu wameanza kuingia, na huo si wakati wa ofisa kuacha wakulima wake akashughulikie leseni mjini. Kwa hiyo taja daraja, mwaka uliopewa na mwezi itakapoisha. Kama inaisha karibuni, andika kwamba utaihuisha kabla ya kuripoti kazini, na uihuishe kweli. Aliye na lena tu aseme ana lena, ataje na mwezi anaotarajia kupimwa na trafiki. Kampuni nyingine zinaweza kumsubiri mtu wa namna hiyo. Aliyeandika "leseni halali" kisha akaja na lena kwenye usaili hana wa kumsubiri, na ninaona ni haki.

Kipande hicho cha barua ya binti wetu kikiandikwa upya kinakuwa hivi: "Nina leseni ya Tanzania yenye madaraja A na D, niliyopewa Machi 2024 na itakayoisha Machi 2029. Wakati wa mazoezi kwa vitendo wilayani Kwimba nilitumia Honda XL 125 ya ofisi ya kata, zaidi kwenye njia za vumbi, na ninaweza kubadilisha plagi, kukaza mnyororo na kuziba pancha mwenyewe." Hilo la pancha wengi huliacha wakidhani ni dogo. Msimamizi anajua kwamba fundi yuko senta, na ofisa wake atakwama mbali na senta.

Kuhusu lugha, kosa la kawaida ni kuzihesabu tu, kama vile kila moja ina kazi sawa. Katika kazi hii kila lugha ina mahali pake. Ripoti ya mwezi na fomu za kwenye simu mara nyingi ni za Kiingereza. Mkutano wa AMCOS huendeshwa kwa Kiswahili. Shambani Bariadi, Itilima au Maswa, ukiwa na mama mtu mzima aliyeshika bomba la kupulizia, mazungumzo yatageukia Kisukuma, na hapo ndipo kutoelewana kunapoleta hatari. Unamweleza kipimo cha dawa kwa bomba moja, asipulizie jua likiwa kali, wala kibuyu cha dawa kisitumike kuchotea maji ya kunywa. Akiitikia kwa kichwa hujui kama amekuelewa au anakuheshimu tu kama mgeni. Ofisa mzuri humwomba mkulima arudie kipimo kwa maneno yake mwenyewe, au achanganye dawa yeye huku ofisa akitazama. Huwezi kumsikiliza akirudia kwa lugha ambayo wewe huielewi.

Kwa hiyo kwenye barua useme unaweza kufanya nini kwa kila lugha: "Kiswahili na Kiingereza ninazungumza na kuandika, na ripoti yangu ya mazoezi niliiandika kwa Kiingereza. Kisukuma ni lugha ya nyumbani, nimeitumia kuendesha mafunzo ya shamba darasa kuhusu kupanda kwa nafasi. Kitaturu sikijui." Sentensi ya mwisho inaweza kuonekana ya ajabu, lakini sehemu za Meatu kuna Wataturu, na msimamizi akiisoma anajua kata ipi asimpeleke binti huyu peke yake. Kama Kisukuma chako ni cha kuombea maji, andika kwamba unasalimia na kuelewa mazungumzo mepesi, na kwamba unaendelea kujifunza. Si ajabu usaili ukaanza kwa "mwangaluka", na swali linalofuata likaulizwa kwa lugha hiyohiyo kuhusu funza. Jambo jingine: andika lugha, usiandike kabila. Kampuni inahitaji kujua unachoweza kusema, si ulikozaliwa.

Utayari wa safari ndio huandikwa vibaya kuliko yote, maana watu hudhani neno "popote" ndilo jibu. Msimamizi anataka kujua mambo mawili yaliyo mbali kidogo kwa kila mmoja. La kwanza ni kama utahamia kijijini msimu mzima, au utakaa Bariadi mjini uwe unakwenda na kurudi. La pili ni kama unaelewa njia zenyewe zilivyo.

Ardhi ya Usukumani haiko namna moja. Juu ya miinuko kuna luseni, mchanga unaonyonya maji haraka, na pikipiki hupita hata baada ya mvua kubwa. Ukishuka bondeni unaingia mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa, na ukilowa hunata. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na dereva hana la kufanya ila kushuka, kutafuta kijiti na kulikwangua, kisha kusukuma hatua chache na kukwangua tena. Ofisa anayekaa mjini huishia kutofika ng'ambo ya mbuga katika wiki zilezile za mvua ambazo mimea inahitaji kukaguliwa. Aliyepanga chumba kijijini anafika kwa miguu. Ndiyo maana swali la makazi ni zito kuliko kilomita unazoweza kuendesha kwa siku.

Binti wetu basi aandike: "Niko tayari kuhamia katika kata nitakayopangiwa kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi ununuzi utakapofungwa, na kulala vijiji vya jirani inapobidi. Ninaweza kuripoti wiki mbili baada ya kupata barua ya ajira. Safari za usiku kwa pikipiki ningependa ziwe kwa dharura tu." Wapo watakaomshauri aufute huo mpaka wa mwisho. Mimi ningeuacha. Kuendesha pikipiki gizani kwenye njia za ng'ombe ni hatari kwa yeyote, na mwajiri anayemkataa mtu kwa sababu hiyo amemwambia mapema kazi yenyewe itakavyokuwa. Mpaka mmoja ulioelezwa vizuri pia hufanya ahadi nyingine zote ziaminike.

Mabinti wengi hujiona wanalazimika kuongeza kwamba hawajaolewa au hawana mtoto mdogo, ili utayari wao usitiliwe shaka. Hakuna haja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kubagua kwa jinsia, ndoa au ujauzito, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Tarehe ya kuripoti na mahali pa kuishi vinatosha kujibu alichouliza mwajiri.

Sehemu iliyobaki ya barua haihitaji maneno mengi. Tumia lugha iliyotumika kwenye tangazo, taja jina la nafasi kama lilivyoandikwa, na yote yaishe katika ukurasa mmoja. Ambatisha nakala ya leseni pande zote mbili, kwa kuwa msimamizi atataka kuona madaraja na tarehe yeye mwenyewe. Wadhamini nao wachaguliwe kwa kazi hii. Mkuu wa chuo anajua alama zako, lakini ofisa ugani wa kata uliyofanyia mazoezi amekuona ukifika kwa mkulima mvua ikinyesha, na amekusikia ukizungumza naye. Mweke huyo awe wa kwanza, na umpigie simu kabla ya kutuma barua, umkumbushe ulitumia pikipiki gani na ulifundisha vijiji vipi, ili akipigiwa na kampuni asianze kutafuta kumbukumbu.