Mguu wa M Uliopotea

Miko yenye jina la bibi harusi imekuwa zawadi ya kawaida kwenye kichen pati, na mbao za kukatia zenye majina ya maharusi zinafuata nyuma yake. Mteja huja kwa fundi wa leza akiwa na jina, na mara nyingi ameshachagua na fonti: ameiona kwenye kadi ya mwaliko, ikampendeza. Hapo kazi inaweza kuharibika kabla mashine haijawashwa. Fonti ya kadi ilichorwa kwa ajili ya wino na karatasi laini, na leza haina wino. Kinachoonekana kwenye mti ni sehemu iliyoungua, basi.

Tuchukue mwiko wa mninga ambao mpini wake una nafasi ya maandishi ya milimita 45 kwa urefu. Jina ni Mwanahamisi. Mteja anataka Bodoni, herufi zinazotokana na kazi ya Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia, aliyefariki mwaka 1813. Uzuri wake wote uko kwenye tofauti ya mistari: mmoja mnene, wa pili mwembamba kama unywele. Jina likijaa milimita 45, M kubwa inapata kimo cha takriban milimita 5. Mistari minene inapata upana wa karibu robo tatu ya milimita. Mistari myembamba inabaki na milimita 0.15 tu.

Kwenye skrini huoni tatizo lolote, kwa sababu umeikuza picha ikajaa kioo. Kwenye mti, nukta ya leza yenyewe, pale lenzi inapoikusanya, ina upana wa milimita 0.1 hadi 0.2. Maana yake mstari mwembamba wa Bodoni unalingana na ncha ya kalamu unayoandikia, na hakuna nafasi ya kukosea.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Ili kujaza herufi, kichwa cha mashine hupita kushoto na kulia kama mtu anayefyeka shamba mstari kwa mstari, leza ikiwaka panapotakiwa na kuzimika panapobaki wazi. Kikienda milimita 300 kwa sekunde, kinauvuka mstari wa milimita 0.15 kwa nusu ya elfu moja ya sekunde. Leza za kabonidioksidi zenye mrija wa kioo, zilizo nyingi kwenye karakana ndogo, huhitaji muda unaokaribia elfu moja ya sekunde kufikia nguvu kamili. Kwa hiyo mstari umeshapitwa kabla moto haujakolea. Unatoka rangi ya chai, au hautoki kabisa.

Kinachokufa kinategemea upande ambao mstari umelalia. Katika M ya Bodoni mguu wa kushoto ni mwembamba na umesimama wima, hivyo leza inaukata kwa upana wake na kuupita mara moja. Vijimstari vya chini vinavyoipa herufi nyayo ni vyembamba vilevile, lakini vimelala sambamba na mwendo wa kichwa, na leza hukaa juu yake muda wa kutosha. Matokeo yake ni M iliyopoteza mguu huku nyayo zake zimebaki, na w inayofuata imepoteza nusu ya milalo yake. Ukiona mistari iliyolala imekolea na iliyosimama imepauka, ujue tatizo ni mwendo. Lakini ukiona mistari yote imevimba, na tundu la a limejaa masizi, hapo shaka iende kwenye umbali wa lenzi au nguvu iliyozidi.

Kupunguza mwendo hadi milimita 100 kwa sekunde kunasaidia sana, ilimradi nguvu nayo ishushwe; usipoishusha, mistari minene itachimbika na kingo zitaungua. Njia nyingine ni kuugeuza mwiko robo duara kwenye meza pamoja na mchoro wake. Sasa leza inapita kwa urefu wa mguu wa M, na zinazodhoofika ni nyayo. Msomaji husamehe herufi isiyo na nyayo kuliko herufi isiyo na mguu. Hata hivyo milalo ya w haiponi kabisa kwa hila hii, kwa kuwa imeinama upande wowote utakaougeukia.

Tuseme mstari umeungua vizuri. Bado kuna msasa. Mstari mwembamba hupata moto kidogo, hivyo kina chake ni kifupi kuliko cha mstari mnene ulio kando yake. Fundi akipitisha msasa kuondoa doa la moshi, anaondoa na jina. Afadhali kubandika tepu ya karatasi juu ya mti kabla ya kuchoma, moshi uishie hapo, kisha kuibandua. Na miti haifanani. Mvule una vitundu vinavyoonekana kwa macho, vinavyoweza kukata mstari mwembamba vipandevipande. Msonobari una tabaka laini zinazoungua haraka na tabaka ngumu zinazokataa, kwa hiyo mstari mmoja unakolea na kufifia kila unapozivuka. Kipimo changu ni hiki: mstari mwembamba kuliko yote usipungue milimita 0.3 kwenye mti laini usio na vitundu vikubwa, na 0.4 kwenye mvule au msonobari. Upime kwa ukubwa halisi wa kazi.

Je, mteja aliyeipenda Bodoni aambiwe aiache? Si lazima. Wachonga herufi wa zamani walijua kwamba herufi ndogo haiwezi kuwa herufi kubwa iliyopunguzwa tu. Kila saizi waliichonga peke yake, na ndogo walizipa mistari iliyonenepa. ITC Bodoni ya mwaka 1994 ilirudia desturi hiyo kwa michoro mitatu: Six kwa saizi ndogo, Twelve kwa matini, Seventy-Two kwa vichwa vikubwa. Bodoni Moda, inayopatikana bure, nayo ina michoro ya saizi kuanzia pointi 6 hadi 96. Jina letu lina takriban pointi 21, na mantiki ya uchapaji ingekupeleka kwenye mchoro wa kati. Usiende huko. Kwa leza chagua ule wa saizi ndogo kabisa. Kwa mbali bado inasomeka kuwa Bodoni, ila herufi zake ni pana kidogo, na huenda ukalazimika kupunguza kimo ili jina litoshe.

Wengine hunenepesha herufi kwenye programu. LightBurn ina kifaa kiitwacho `Offset Shapes`. Ukiongeza milimita 0.05 kila upande, mstari wa 0.15 unakuwa 0.25. Lakini mistari minene nayo inanenepa na matundu ya a yanasinyaa, jambo baya kwa jina lenye a tatu. Mimi naliona kama kiraka.

Asiyejali Bodoni ana njia rahisi. Fonti za nyayo nene kama Rockwell, au zenye mstari wa unene karibu mmoja, hazina cha kupoteza. Akitaka mwandiko wa kuunga wa harusi, Pacifico itavumilia. Edwardian Script, pamoja na urembo wake, itavunjika pale pale herufi zinapoungana.

Kila kitu hugeuka mteja anapotaka herufi zisimame na mti unaozizunguka ndio uchomwe. Hapo moto unaila herufi kutoka pande mbili, na mstari wa milimita 0.3 unaweza kubaki uzi wa makaa unaotoka kwa ukucha. Kwa kazi hiyo nahitaji karibu milimita moja, hivyo kwenye mpini wa mwiko nakataa Bodoni ya aina yoyote.