Mdondo na Kideri: Kuchagua Modeli ya Kutafutia Ushauri wa Mifugo

Ujumbe wa mfugaji huwa mfupi. "Shikamoo bwana mifugo, kuku wangu wameingia mdondo, wanaharisha kijani na shingo zinapinda. Nifanyeje?" Bwana mifugo akiusoma anaelewa papo hapo. Sasa tuseme ofisi yake ina aya 300 za ushauri, zilizoandikwa na watu mbalimbali kwa miaka mingi, na kompyuta ndiyo inayotakiwa kumchagulia aya tatu za kusoma kabla ya kujibu. Aya yenye jibu imepewa kichwa "Kinga ya kideri kwa kuku wa asili", na neno mdondo halimo humo hata mara moja. Mdondo na kideri ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili. Kompyuta isiyojua hilo itaipita aya hiyo.

Mfugaji wa pili anauliza habari za ndigana kali. Katika mkusanyo uleule kuna aya ndefu, nzuri, inayohusu ndigana baridi. Kwa jicho la haraka majina hayo ni ndugu, lakini magonjwa ni mawili kabisa. Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, hufanya matezi yavimbe na ng'ombe apumue kwa shida, na dawa yake ni buparvakuoni, inayofaa zaidi ikitolewa mapema. Ndigana baridi husababishwa na bakteria wa jamii ya Anaplasma, humpunguzia mnyama damu, na hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Yote mawili huletwa na kupe. Aya isiyo sahihi ikitangulia, na anayeisoma akawa na haraka, ng'ombe atachomwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Nimeanza na makosa haya mawili kwa sababu ndiyo yanayoamua kama utumie modeli ya jumla au modeli iliyonolewa kwa maandishi ya fani. La kwanza ni kutenganisha vitu vilivyo kimoja. La pili ni kuunganisha vitu vilivyo viwili.

Modeli ninazozizungumzia huitwa modeli za vekta. Modeli ya aina hii hupokea sentensi na kuigeuza kuwa orodha ya namba. `multilingual-e5-base`, mojawapo ya modeli za bure zinazokijua Kiswahili, hutoa namba 768 kwa kila andiko. Aya zote 300 hugeuzwa mara moja na kuhifadhiwa. Swali likiingia nalo hugeuzwa, kisha kompyuta huzipanga aya kuanzia ile ambayo namba zake ziko karibu zaidi na za swali. Njia hii ina faida kubwa kwa lugha yetu. Utafutaji wa zamani unaolinganisha maneno yalivyoandikwa huona "wanaharisha", "anaharisha" na "kuharisha" kuwa maneno matatu yasiyohusiana, lakini modeli ya vekta huyaweka jirani.

Ujirani huo unatokana na maandishi ambayo modeli ilisoma ilipokuwa ikifunzwa. Modeli ya jumla imesoma habari, dini, michezo na siasa kwa lugha nyingi. Inajua kwamba jogoo ni kuku. Lakini mdondo ni neno adimu katika maandishi hayo, hivyo modeli hulikatakata vipande na kukisia maana kutokana na vipande hivyo. Neno sotoka lina mtego wa aina nyingine. Katika maandishi ya zamani ni ugonjwa wa ng'ombe, uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Leo mfugaji akilitamka, mara nyingi anamaanisha sotoka ya mbuzi na kondoo.

Hapo ndipo watu husema: basi tuinoe modeli kwa vitabu vya mifugo. Wazo ni zuri, ila "kuinoa" kuna maana mbili, na wengi huzichanganya. Maana ya kwanza ni kuisomesha modeli maandishi ya fani kwa kuficha maneno na kuitaka iyakisie. Hapo inajifunza msamiati, lakini haijifunzi kupanga sentensi nzima kwa ukaribu wa maana. Mwaka 2019 Nils Reimers na Iryna Gurevych, waliotengeneza Sentence-BERT, walionyesha kwamba vekta zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka BERT zilifanya vibaya kuliko wastani wa vekta za maneno za GloVe katika majaribio ya kupima ufanano wa sentensi. Modeli inaweza kuwa imebobea katika tiba na bado isijue aya ipi inajibu swali lipi.

Maana ya pili ni kuifunza kwa jozi: swali na aya inayolijibu. Modeli husukumwa iziweke jozi hizo karibu na kuziweka mbali aya nyingine zote zilizo katika fungu lilelile la mafunzo. Hii ndiyo kazi tunayoihitaji. Jozi zinaweza kutoka kwenye majibu ya zamani ya ofisi, au kwa kuchukua kichwa cha habari na aya iliyo chini yake. Ukitaka modeli itofautishe ndigana mbili, ipe swali la ndigana kali pamoja na aya ya ndigana baridi iliyowekwa wazi kuwa jibu lisilo sahihi.

Lakini kuna shimo hapa, na ningependa kila anayeanza kazi hii alione mapema. Kumbuka kwamba aya nyingine katika fungu huhesabiwa kuwa makosa. Ikiwa fungu moja lina swali la mdondo na jibu lake, na pia swali la kideri na jibu lake, modeli itafundishwa kwamba mdondo na kideri ni vitu tofauti. Utakuwa umeinoa kwa upande usiokata. Dalili yake ni kwamba baada ya kunolewa, maswali yenye majina mawili yanaharibika huku mengine yakiboreka. Tiba yake ni kuhakikisha jozi za ugonjwa mmoja haziingii fungu moja.

Basi utajuaje ipi ni bora kwako? Orodha za ubora zinazochapishwa hazitakujibu, kwa sababu hazikupima aya zako wala wafugaji wako. Unahitaji mtihani mdogo wa nyumbani. Chukua maswali 40 halisi kama wafugaji walivyoyaandika, na makosa yao ya tahajia. Mwombe bwana mifugo aonyeshe aya sahihi kwa kila swali kabla modeli yoyote haijaguswa. Akionyeshwa kwanza majibu ya kompyuta, atavutika kuyakubali. Swali lolote lililo katika mtihani, na mengine yanayofanana nalo, lisiwemo kwenye jozi za kunolea. Vinginevyo modeli iliyonolewa itakuwa imeuona mtihani kabla ya kuufanya.

Modeli ya jumla nayo itendewe haki. `multilingual-e5-base` ilifunzwa kwa alama maalumu mwanzoni mwa kila andiko. Ukizisahau, inafanya kazi chini ya uwezo wake, na utasema imeshindwa ilhali kosa ni lako:

```
query: kuku wangu wameingia mdondo, wanaharisha kijani
passage: Kinga ya kideri kwa kuku wa asili. Chanjo ...
```

Usilinganishe pia alama za ukaribu za modeli mbili. Modeli za e5 hutoa alama ambazo kwa kawaida huwa kati ya 0.7 na 1.0, hata andiko lisipohusiana sana na swali. Linganisha mpangilio tu: je, aya sahihi imo katika tatu za kwanza? Tumechagua tatu kwa kuwa ndizo bwana mifugo anazoweza kusoma kabla ya kujibu.

Mshindani wa tatu awe utafutaji wa maneno wa kawaida. Usiudharau. Majaribio ya BEIR ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba njia ya maneno iitwayo BM25 iliweza kuzishinda modeli nyingi za vekta zilipopelekwa kwenye fani zisizozifahamu.

Sasa tufanye hesabu kwa namba za mfano. Tuseme utafutaji wa maneno umepata maswali 21 kati ya 40, modeli ya jumla 27, na iliyonolewa 32. Tofauti ya maswali matano inavutia, na hapo wengi hutangaza mshindi. Ngoja kwanza. Yatazame maswali moja moja. Modeli zote mbili zimepata 25 yaleyale, mawili yamepatwa na ya jumla peke yake, na saba yamepatwa na iliyonolewa peke yake. Ushindani wote umo katika maswali hayo 9. Ukirusha sarafu mara 9, uwezekano wa upande mmoja, wowote ule, kutokea mara 7 au zaidi ni takriban asilimia 18. Kwa hiyo ushindi wa 7 kwa 2 unaweza kuwa bahati tu. Ukipata uwiano huohuo kwa maswali 80, yaani 14 kwa 4, uwezekano huo hushuka hadi takriban asilimia 3, na hapo una haki ya kuanza kuamini.

Maswali 9 ni machache, hivyo yasome yote. Hapa ndipo mtihani mdogo unapozidi kuwa na thamani kuliko mkubwa usiosomwa. Tuseme katika yale saba, matano ni ya jina lenye pacha, kama mdondo na kideri, na mawili ni ya ndigana. Matano hayo hayahitaji modeli mpya. Yanahitaji orodha fupi ya majina pacha: swali likiwa na mdondo, kompyuta iliongezee neno kideri kabla ya kutafuta. Modeli ya jumla yenye orodha hiyo huenda ikafikia 32, sawa na mwenzake. Lakini huwezi kulithibitisha kwa maswali haya 40, kwa sababu umeitunga orodha ukiwa umeyaona. Unahitaji mengine 40 mapya.

Yale mawili ya ndigana ni jambo jingine. Orodha ya majina haiwezi kuifundisha modeli kutenganisha dalili, kwa kuwa wafugaji wengi hawataji ugonjwa. Husema ng'ombe kavimba matezi, au anatoa kinyesi kikavu. Makosa ya namna hii yakiwa ndiyo mengi, kunoa kuna sababu, mradi una jozi za kutosha na mtaalamu wa kuzikagua. Ukishanoa, vekta zote za zamani hazifai tena, hivyo aya zote 300 zigeuzwe upya kwa modeli mpya. Kuchanganya vekta za modeli mbili hutoa majibu yasiyo na maana, wala kompyuta haitoi onyo lolote.

Kwa mkusanyo wa aya 300 na maswali kama haya, mimi ningeanza na modeli ya jumla, alama zake zikiwa mahali pake, na orodha ya majina pacha iliyoandikwa na bwana mifugo mwenyewe. Kunoa ningekuweka hadi maswali mapya yaonyeshe kwamba ndigana kali na ndigana baridi bado zinachanganywa.