Maji, Kelele na Majirani: Dalali Ajibu Nini Siku ya Kuonyesha Nyumba

Nyumba nyingi za kupangisha Mombasa huonyeshwa mchana. Saa hizo klabu ya jirani imefungwa, majirani wako kazini, na huenda tangi la jengo limejazwa asubuhi hiyohiyo. Mpangaji akiuliza kama maji yapo, dalali hufungua mfereji jikoni, maji yanatoka, naye husema, "Maji hapa ni kila wakati." Amana inalipwa. Wiki ya pili mpangaji huyo anapanda ngazi na mitungi ya lita 20.

Huenda dalali hakukusudia kudanganya, kwani mfereji ulitoa maji kweli. Kasoro ya jibu lake ni kwamba halikueleza maji yanatoka wapi, huja siku gani na hukaa kwa muda gani. Hali ya maji Mombasa haiwezi kuelezwa bila mambo hayo matatu. Kaunti hii hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka nje ya mipaka yake: chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi. Maji hayo husafiri mbali, hayawatoshi wote kwa wakati mmoja, na mitaa hupokea kwa zamu. Kwa hiyo wenye nyumba hujaza pengo kwa visima, na vingi vya visima hivyo vina chumvi.

Chukua mfano wa jengo la nyumba 12 lenye tangi moja la lita 10,000. Maji ya kampuni huja Jumanne na Ijumaa. Kila nyumba ikiwa na watu wanne, na kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, jengo zima linahitaji lita 2,400 kila siku. Tangi likijaa litafika siku nne na kidogo, yaani kutoka Ijumaa hadi Jumanne, bila akiba ya maana. Ijumaa ambayo maji yamekuja kwa nguvu ndogo na kujaza nusu tu, yatakwisha Jumapili jioni. Na kama tangi liko chini na maji hupandishwa kwa pampu, stima ikikatika ghorofa za juu hukosa maji hata tangi likiwa limejaa.

Dalali anayelijua jengo hilo anaweza kujibu hivi: "Dada, maji ya kampuni huja Jumanne na Ijumaa. Yakija vizuri yanafika. Yakija kidogo, Jumapili jioni huwa yamekwisha, na wapangaji huchangia boza au hununua mitungi. Mfereji ule wa bafuni ni wa kisima, una chumvi, si wa kunywa. Haya nimeambiwa na keateka, mimi sijaishi hapa." Jibu hilo lina sentensi chache tu, na mpangaji anaweza kulipima mwenyewe. Anaweza kumuuliza jirani wa mlango wa pili kama Jumapili iliyopita maji yalikuwepo. Anaweza kuonja maji, kutazama kama sabuni inatoa povu, na kuangalia ukoko mweupe kwenye ncha ya mfereji, ambao huweza kuwa dalili ya kisima hata pale dalali anaposema ni maji ya kampuni. Jambo la kuongeza, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni nani hulipa: kama bili imo ndani ya kodi, kama kila nyumba ina mita yake, na kama pesa za boza hugawanywa sawa kwa mpangaji aliye peke yake na familia ya watu saba.

Sentensi ile ya mwisho ya dalali, ya kwamba ameambiwa na keateka, ina uzito wake. Dalali hajui kila kitu, na hakuna anayemtarajia ajue. Lakini kuna tofauti kati ya alichokiona, alichoambiwa na asichokijua, na mpangaji ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo. Jibu la "Sijui, nitamuuliza keateka na kukupigia kabla hujalipa" ni jibu kamili, ilmuradi simu hiyo ipigwe kweli. Ugumu ni kwamba dalali wengi hulipwa nyumba ikishapata mtu, kwa hiyo kila swali huonekana kama kizuizi. Mwenye nyumba naye huweza kumwagiza asitaje kisima. Hapo dalali anaweza kukataa kuongeza chumvi kwenye maelezo yake, lakini akiulizwa moja kwa moja hawezi kusema uongo kwa niaba ya mtu mwingine. Mpangaji aliyeingia mkataba kwa kuamini kauli ya uongo anaweza kuupinga kisheria.

Kuhusu kelele, swali la kawaida ni "Hapa kumetulia?" Jibu la ndiyo au la halisaidii, kwa sababu anayefanya kazi za usiku na mwenye mtoto mchanga hawasumbuliwi na kelele zilezile. Dalali ataje kitu, umbali na saa: "Ukuta wa pili kuna karakana ya kuchomelea vyuma, huanza saa mbili asubuhi. Steji ya matatu iko hapo kwenye kona, makanga huanza kuita kabla ya alfajiri. Klabu ile ng'ambo ya barabara hupiga muziki Ijumaa na Jumamosi." Msikiti au kanisa lililo karibu litajwe vivyo hivyo, pamoja na siku za mkesha, bila kulisifu wala kulilalamikia.

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira zimeweka kiwango cha nje ya nyumba za makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili. Desibeli 35 ni kimya kikubwa. Spika ya klabu ng'ambo ya barabara huvuka hapo kwa urahisi. Hata hivyo dalali asimwambie mpangaji kwamba "klabu hiyo itafungwa karibuni." Hiyo si ahadi yake kuitoa. Afadhali ampe nafasi ya kurudi Ijumaa saa nne usiku, asimame mlangoni kwa dakika kumi.

Swali la majirani ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hapa uaminifu una mpaka. "Majirani ni watu gani?" mara nyingine huwa na maana ya kabila gani, au dini gani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwingine kwa misingi hiyo, na dalali hapaswi kuwa daftari la kuchagulia majirani. Vilevile ugonjwa wa mtu, ndoa yake au madeni yake si habari ya kumpa mgeni.

Anachoweza kusema ni jinsi jengo linavyoishi: kwamba nyumba nane zina familia na nne huchukuliwa na wageni wa siku chache, geti hufungwa saa tano usiku, taka hukusanywa mara mbili kwa wiki, na kumekuwa na ugomvi wa maegesho. Kama mwezi uliopita nyumba ilivunjwa, aseme ilivunjwa na kama vyuma vya dirisha vimetengenezwa, bila kutaja ni ya nani wala nani anashukiwa. Na mpangaji akiuliza kwa nini aliyetangulia alihama, na dalali anajua ilikuwa kwa sababu ya maji, sababu hiyo itajwe.