Abiria wa Kubuni na Treni ya San Francisco

Mwaka 1972, reli mpya ya abiria iitwayo BART ilipoanza kazi katika eneo la Ghuba ya San Francisco, Marekani, jambo moja lilikuwa bado halijulikani: ni wafanyakazi wangapi wangeipanda kwenda kazini? Makadirio rasmi yalisema asilimia 15. Mwanauchumi Daniel McFadden wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, walikadiria asilimia 6.3. Treni zilipozoeleka, hesabu ikaonyesha asilimia 6.2.

Kinachoshangaza ni kwamba utabiri huo ulijengwa juu ya abiria ambaye hajawahi kuzaliwa.

Abiria wa modeli ya McFadden huipa kila njia ya usafiri alama. Dakika za kukaa garini humpunguzia alama kadhaa, dakika za kusubiri kituoni humpunguzia nyingine, na nauli vilevile. Kisha hujumlisha na kuchagua njia yenye alama nyingi kuliko zote. Binadamu wa kweli hafanyi hivyo. Ana mazoea, ana mtoto wa kupitisha shuleni, ana jirani anayempa lifti, na siku nyingine hataki tu kubanana na watu. Modeli ilikusanya mambo hayo yote ikayaita bahati nasibu, na hata sura ya bahati hiyo ilichaguliwa kwa sehemu kubwa kwa sababu inarahisisha hesabu.

Kwa nini mtaalamu akubali kurahisisha kiasi hicho? Jibu limo katika kazi yenyewe. Watafiti walihoji wafanyakazi 771 kabla treni hazijaanza, wakawauliza wanaendaje kazini, wanatumia muda gani na wanalipa kiasi gani. Kutokana na chaguo hizo walikadiria uzito wa kila dakika na kila senti. Baada ya hapo waliiingiza treni mpya kwenye hesabu kwa kutumia muda na nauli yake. Hapo ndipo faida inapoonekana: muda na nauli ya treni ambayo haijaanza vinaweza kujulikana kutoka kwenye mipango yake, lakini mazoea ya watu wasiowahi kuipanda hayajulikani. Kila sababu inayoongezwa ili modeli ifanane zaidi na maisha ni sababu nyingine ya kukisiwa kutoka kwa watu walewale 771.

Milton Friedman alikuwa ameutetea mtazamo huu tangu mwaka 1953, akidai kwamba nadharia ipimwe kwa utabiri wake wala si kwa uhalisia wa dhana zake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ikichukuliwa kavu inapotosha, kwa sababu dhana isiyodhuru katika swali moja inaweza kuharibu kabisa jibu la swali jingine.

Modeli ya McFadden ilikuwa na dhana ya namna hiyo: kwamba uwiano kati ya njia mbili haubadiliki njia ya tatu inapokuja. Wanauchumi huionyesha kasoro yake kwa mfano wa mabasi. Tuseme nusu ya watu wanatumia gari na nusu basi jekundu. Kampuni inapaka nusu ya mabasi rangi ya buluu. Modeli itagawa watu theluthi tatu sawa, yaani magari yapoteze abiria kwa sababu ya rangi tu! Akili ya kawaida inaona kwamba wenye magari watabaki nusu, na wapanda basi ndio watakaogawana. Kwa hiyo mtu anayetaka kutumia modeli hii hana budi kuuliza kwanza kama njia mpya inafanana mno na iliyopo, na data inaweza kupimwa kuona kama dhana hiyo inavunjika.

Je, 6.3 dhidi ya 6.2 ni ushahidi wa kutosha? Kwa sehemu ni bahati. Asilimia 6.3 ya watu 771 ni kama watu 49, na kundi jingine la ukubwa huo lingeweza kutoa pungufu au zaidi ya hapo kwa pointi moja na nusu hivi bila chochote kubadilika. Hata kama matokeo yangekuwa asilimia 5 au 7.5, modeli ingestahili sifa ileile. Uzito wa jaribio hili uko kwingine: utabiri uliandikwa kabla matokeo hayajajulikana, ulihusu kitu ambacho hakikuwamo kwenye data, na ulikuwa na mshindani aliyekosea kwa zaidi ya mara mbili. Modeli inayoeleza vizuri mwaka uliopita haijapita mtihani kama huo, kwa kuwa ilirekebishwa huku majibu yakiwa mezani.

Mwaka 2000 McFadden alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman. Hata hivyo modeli yake ilikosea mahali pamoja: ilidhani watu wengi zaidi wangekuwa tayari kwenda kituoni kwa miguu kuliko ilivyotokea. Aliyetaka kujua treni itabeba watu wangapi alipata jibu zuri. Mpangaji aliyetaka kujua kituo kinahitaji nafasi ngapi za kuegesha magari angejenga chache mno.