Saa 36 zisizolipiwa

Mwenye simu hununua bando kwa gigabaiti. Kampuni inayouza intaneti, au yenye seva zake, hainunui hivyo. Hulipia upana wa njia, yaani megabiti ngapi zinapita kila sekunde, na njia hiyo ya kwenda duniani mafundi huiita tranziti. Sasa, kasi hupanda na kushuka kutwa kucha. Ankara ya mwezi iandikwe kwa kasi ipi? Wauzaji wengi hutumia pasentaili ya 95.

Tuchukue kampuni ya kubuni iliyoko Mombasa, mji ambao nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009. Kampuni hii ina poti ya megabiti 1,000, na imeahidi kulipia angalau megabiti 200 kila mwezi, kwa bei ya mfano ya dola 5 kwa megabiti. Hata ikitumia chini ya hapo, dola 1,000 zitalipwa.

Ruta haipimi kasi. Kazi yake ni kuhesabu baiti zilizopita, kama mita ya maji inavyohesabu lita. Kila dakika tano mtambo wa muuzaji huisoma mita hiyo. Ikiwa kati ya saa nane kamili na saa nane na dakika tano zimeongezeka baiti bilioni 6.75, unazidisha kwa 8 kupata biti, kisha unagawanya kwa sekunde 300. Jibu ni megabiti 180 kwa sekunde, na hicho ni kipimo kimoja. Ni wastani, kwa hiyo dakika moja ya megabiti 900 ikifuatwa na dakika nne za kimya nayo huandikwa 180.

Siku moja hutoa vipimo 288, na mwezi wa siku 30 hutoa 8,640. Vipangwe kuanzia kikubwa kwenda kidogo. Asilimia tano ya juu, yaani vipimo 432, hutupwa, na kinachofuata, cha 433, ndicho kinacholipiwa. Data inayoingia na inayotoka huhesabiwa mbalimbali, na kwa mikataba mingi upande uliozidi ndio unaotozwa. Mwenye vipimo vyake kwenye faili, kimoja kila mstari, hupata jibu kwa amri moja:

```
sort -rn vipimo.txt | sed -n 433p
```

Vipimo 432 ni saa 36. Wengi wakisikia hivyo hufurahi, wakidhani wamepewa siku moja na nusu za bure. Ni kweli, ila zigawanye kwa siku 30 utapata dakika 72 tu kwa siku, na hapo ndipo kampuni yetu inaponaswa.

Kila usiku saa saba, wateja wakiwa wamelala, seva zake hutuma nakala za akiba Ulaya kwa megabiti 600. Mchana matumizi hayavuki 180. Kazi ya usiku ikichukua saa moja, ni vipimo 12 kwa siku, 360 kwa mwezi. Vyote vinatupwa, na ankara inabaki dola 1,000. Mafaili yakiongezeka hadi kazi ikachukua dakika 75, vipimo vinakuwa 15 kwa siku, 450 kwa mwezi. Vimezidi 432 kwa vipimo 18 tu, lakini cha 433 sasa ni 600. Ankara inaruka hadi dola 3,000. Robo saa ya usiku imeongeza dola 2,000, na hakuna hatua ya katikati.

Dawa yake si kununua poti kubwa zaidi. Mafaili hayohayo yakitumwa kwa megabiti 150, yatachukua saa tano, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na hayatagusa hata ile 200 ya mkataba. Ila ujanja huu hausaidii msongamano wa jioni. Watu wanaotazama filamu saa nne kila jioni hufikisha saa 120 kwa mwezi, na hizo haziwezi kujificha ndani ya 36.

Kuna kosa jingine, la kwenye mita yenyewe. Kaunta ya zamani, `ifOutOctets`, ina biti 32. Ikifika baiti 4,294,967,296 hurudi sifuri na kuanza upya. Zile baiti bilioni 6.75 zetu zingeonekana kama bilioni 2.46 hivi, na megabiti 180 zingeandikwa 65. Utalitambua kosa hili kwa grafu ambayo haivuki kamwe megabiti 114.5, hata poti ikiwa imeelemewa. Kaunta inayofaa ni `ifHCOutOctets`, yenye biti 64.

Ukiletewa ankara usiyoielewa, usiridhike na picha ya grafu ya mwezi mzima, kwa kuwa programu nyingi huchanganya vipimo vya zamani kuwa wastani wa saa kadhaa, na vilele hupotea. Omba faili la vipimo vyenyewe vya dakika tano, ulilinganishe na lako kabla ya kulipa.