Sura ya Saba: Bima Iliyoiva na Bima Iliyovunjwa

Kuna maneno mawili nimeyasikia Mwigobero, Bunda mjini na hata kwenye ofisi za walimu Butiama. La kwanza: kukata bima ya maisha ni kujichulia. Hili silijibu kwa upole. Watu wanaolisema wana shamba la pamba lililopandwa kwa matumaini ya mvua, na hakuna aliyewaambia kwamba kununua mbegu ni kuita ukame. Bima ya akiba humlipa mwenyewe akiwa hai, muda wake ukiisha. Jina la mrithi linaangaliwa tu pale mwenye bima anapofariki kabla ya siku hiyo. Nimeona mke na mume wakigombana kwa sababu mke, aliyeandikwa mrithi, aliamini fedha za bima iliyoiva ni zake. Si zake, ni za mwenye bima.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linasemwa na watu waliosoma: "Nikikwama nitavunja, nirudishiwe michango yangu." Bima si kibubu.

Tumchukue mwalimu anayekatwa shilingi 20,000 kila mwezi kwa mkataba wa miaka 10 wenye kiasi cha bima cha 2,000,000. Amekatwa miezi 48, jumla 960,000, kisha anataka kuvunja ili alipe ada ya mtoto. Mikataba mingi hupiga hesabu hivi. Kwanza miezi aliyochanga inagawanywa kwa miezi yote ya mkataba: 48 kwa 120. Ukizidisha kwa 2,000,000 unapata 800,000. Hiyo ndiyo thamani iliyokwisha kulipiwa, nayo ni ahadi ya mwaka wa 10, si ya leo. Kwa kuwa anaitaka miaka sita kabla, kampuni inaipunguza hadi asilimia iliyo kwenye jedwali la mkataba. Tuseme ni asilimia 60: anaondoka na 480,000, nusu ya alichochanga, ukiacha bonasi kama ipo. Hajaibiwa. Sehemu ya michango ililipia kinga ya kifo kwa miaka minne, sehemu ikaenda kwa wakala, ambaye kamisheni yake kubwa huwa ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana mikataba mingi haitoi kitu kabisa kabla ya miaka miwili au mitatu.

Kabla hajasaini, aulize mambo mawili kaunta. Je, anaweza kusimamisha michango na kusubiri zile 800,000 hadi mwaka wa 10? Je, anaweza kukopa kwa dhamana ya bima yenyewe? Yote mawili huiacha bima hai, lakini asipouliza, mara nyingi hapewi ila fomu ya kuvunja.

Nilipanga sasa kueleza fomu moja baada ya nyingine, lakini siwezi kupita bila kusimulia habari ya herufi moja. Mkoani Mara ulimi wa wengi hautenganishi sana r na l. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwangu na hati ya bima iliyoiva. Alikuwa nayo halisi, kitambulisho cha NIDA, taarifa ya akaunti ya benki na salari slipu za miaka yote. Kampuni ilikataa kulipa. Tulizipanga karatasi mezani, kidole kikipita jina kwa jina: NIDA inasema Wambura, benki Wambura, hati ya bima Wambula. Wakala aliandika alivyosikia, na mwalimu hakuisoma kwa miaka 15. Dawa yake ilikuwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ikiambatana na salari slipu zenye cheki namba ile ile. Cheki namba ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu yenyewe haitamkwi. Ungekuwa mwaka wa kwanza wa mkataba, barua moja ya masahihisho ingetosha.

Hati ikipotea, utaratibu ni ripoti ya upotevu ya polisi pamoja na kiapo. Kishoka anayejitolea "kusukuma faili" kwa asilimia kumi hafanyi zaidi ya hayo.

Mwishoni utaletewa hati ya kukiri malipo. Ukiisaini unasema hudai tena. Kwa hiyo kabla ya kalamu, linganisha makato kwenye salari slipu na taarifa ya michango ya kampuni, mwezi kwa mwezi, kwani mwezi uliokatwa usifike kampuni hupunguza hesabu. Ukiona pengo, andika barua kwa kampuni na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, au wakijibu usiridhike, nakala hiyo ndiyo utakayoanza nayo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya 2009. Mstaafu wangu alikuwa nayo, na alilipwa kwenye akaunti yenye jina lake, kwa r.