Ukungu Chini, Maneno Juu

Video fupi za maneno ya hamasa zimeenea kwenye status za WhatsApp na TikTok: nasaha au methali mbele, na nyuma yake mawingu, maji au ukungu unaosogea taratibu. Siku hizi mandhari hiyo inaweza kutengenezwa na programu ya akili mnemba kwa kuiandikia maelekezo ya sentensi chache.

Kosa la kawaida ni kuomba “mandhari ya nukuu ya hamasa”. Programu hizi zimefunzwa kwa picha pamoja na maelezo yake, na picha za nukuu kwa kawaida huwa na maandishi. Ikisikia nukuu, programu huchora herufi, mara nyingi zisizosomeka, palepale palipotakiwa kubaki wazi. Hata kuandika “usiweke maandishi” huweza kuyaita.

Njia ya uhakika zaidi ni kutotaja maneno kabisa, na kuitaja nafasi tupu kama kitu kinachoonekana: anga tulivu, maji yaliyotulia, ukungu mzito. Tuseme mtu anataka kuandika “Haba na haba hujaza kibaba” kwa herufi nyeupe. Kwa kuwa programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, anaweza kuandika hivi:

```
Vertical 9:16. Thin mist drifts slowly over dark
green hills in the bottom third. Upper two thirds:
plain, even, deep blue sky. Locked camera,
constant soft light, muted colors.
```

Kila sehemu ina kazi yake. Vilima na ukungu vimewekwa theluthi ya chini kwa sababu huko ndiko TikTok huweka maelezo ya video, hivyo methali inakaa salama juu. Kamera imefungwa mahali pamoja. Ikisogea, vilima vitapanda hadi kwenye maneno. Mwanga usiobadilika nao ni wa lazima: ukiandika “alfajiri” tu, jua linaweza kuchomoza katikati ya video, anga likang’aa na herufi nyeupe zikapotea.

Methali yenyewe huongezwa baadaye kwa programu ya kuhariri, kama CapCut au Canva. Kabla ya hapo, video itazamwe mpaka mwisho, kwa kuwa kasoro nyingi hujitokeza baada ya sekunde za mwanzo. Kipimo kinachotumika kwenye tovuti, WCAG, hutaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari ifike angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Ipimwe pale anga linapong’aa zaidi.

Programu nyingi hutoa sekunde chache tu. Ili kurefusha, video huchezwa mbele kisha kinyumenyume. Ukungu hukubali hila hiyo. Maporomoko hayakubali, maana maji yataonekana yakipanda mlima.